Grafu ya kiasi cha DNA ndani ya kiini: kila mpando na kila mshuko katika mitosisi na meiosisi

Kabla ya kufuata mstari, soma mhimili wima. Grafu hizi hazihesabu kromosomu. Zinapima wingi wa DNA iliyomo ndani ya kiini kimoja cha seli. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kuponea kwenye mitosisi, lakini kwenye meiosisi atakwama tu.

Kipimo kinachotumika ni C. C moja ni DNA ya seti moja ya kromosomu ambazo hazijanakiliwa, kama iliyomo ndani ya mbegu ya kiume. Kwa binadamu ni takribani pikogramu 3.3, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Seli ya kawaida ya mwili ambayo haijaanza kujinakili ina 2C, yaani kama pikogramu 6.6. Herufi hii ilianza kutumiwa na Hewson Swift mwaka 1950. Miaka miwili kabla yake, André Boivin pamoja na Roger na Colette Vendrely walikuwa wamepima viini vya ng'ombe na kukuta mbegu za kiume zina karibu nusu ya DNA iliyomo katika seli za viungo vingine. Ngazi ya C na ngazi ya 2C zilipatikana kwa kupima.

Usiichanganye C na n. Herufi n inahesabu seti za kromosomu, C inapima kiasi cha DNA. Mara nyingine hubadilika pamoja, mara nyingine moja hubadilika na nyingine ikatulia. Tutaona ni wapi.

Mitosisi

```
DNA kwa kiini
4C |              B___________C
   |             /            |
   |            /             |
2C |__________A/              |D_________
   |
 C |
   +--------------------------------------
       G1       S      G2   M      G1
```

Kutoka mwanzo hadi A mstari umelala kwenye 2C. Hiki ni kipindi cha G1. Seli inakua, inatengeneza protini, inafanya kazi zake, ila DNA haiongezeki. Seli ambazo haziendelei kugawanyika hubaki kwenye ngazi hii, pengine maisha yao yote. Seli nyingi za neva ziko hivyo.

Kutoka A hadi B mstari unapanda. Huu ndio mpando pekee katika grafu nzima, na una sababu moja tu: DNA inanakiliwa. Kipindi hiki kinaitwa S. Angalia kwamba mstari umechorwa kwa mshazari, haukusimama wima. Katika seli za binadamu zinazokuzwa maabara, ambazo humaliza mzunguko kwa saa 24 hivi, kunakili kunachukua kama saa 8. Kazi huanzia sehemu maelfu kwa maelfu kwenye kromosomu, na sehemu hizo hazianzi kwa pamoja: nyingine huanza mapema, nyingine hungoja hadi mwisho. Kwa hiyo katikati ya S utakuta viini vyenye 2.5C, 3C au 3.7C. Ukichora mstari wima hapo, umesema kwamba DNA yote ilinakiliwa papo hapo.

Tena, mpando huu unatokea kabla mitosisi haijaanza. Jambo hili lilithibitishwa na Alma Howard na Stephen Pelc, waliochapisha kazi yao mwaka 1953. Walitumia fosforasi yenye mnururisho kwenye ncha za mizizi ya mmea wa Vicia faba, wakaona DNA inatengenezwa ndani ya kipindi maalumu cha interfezi, huku kukiwa na pengo kabla yake na pengo baada yake. Mapengo hayo ndiyo G1 na G2. Basi unapoona kromosomu zikijikunja na kunenepa katika profezi, usiinue mstari. Zinaonekana nene kwa sababu zimefungashwa, lakini DNA ni ileile.

Kutoka nukta B hadi nukta C mstari umelala kwenye 4C, kupitia G2, profezi na metafezi. Hapa kuna mtego. Kiini cha binadamu kina 4C, lakini kromosomu bado ni 46. Kila kromosomu sasa ina kromatidi dada mbili zilizoshikana kwenye sentromia, na kromosomu yenye kromatidi mbili huhesabiwa kuwa moja. DNA imeongezeka maradufu, idadi ya kromosomu haijasogea.

Kutoka nukta C hadi nukta D mstari unaporomoka kutoka 4C hadi 2C. Hakuna DNA iliyoharibiwa. Kromatidi dada zimeachana katika anafezi, zimevutwa kwenye ncha mbili za seli, na katika telofezi kila kundi limefungiwa ndani ya utando wake. Kiini kimoja kimekuwa viini viwili, na grafu inaendelea na kimoja kati ya hivyo. Ni kama mkate uliokatwa katikati: gramu zote zipo, ila sahani unayoitazama ina nusu. Mporomoko huu huchorwa wima kwa sababu kutengana huchukua dakika chache tu, ukilinganisha na saa za kunakili.

Wapi hasa pa kuuchora? Kwa ukweli, utando wa kiini huvunjika kabla ya metafezi, kwa hiyo kwa muda hakuna kiini cha kupima. Desturi ni kuendelea kuhesabu DNA yote kama ya kiini kimoja hadi viini vipya viundwe, ndipo mstari ushuke, yaani kwenye telofezi. Kama mhimili wima ungesema «kwa seli» badala ya «kwa kiini», mshuko ungesogea mbele kidogo hadi saitoplazimu igawanyike. Ndiyo maana nimesisitiza mhimili usomwe kwanza.

Katika anafezi hiyohiyo, kila kromatidi iliyoachana na dada yake huhesabiwa kuwa kromosomu kamili. Kwa kitambo kifupi seli ya binadamu ina kromosomu 92, huku DNA yake ikiwa bado 4C. Idadi imepanda bila DNA kupanda. Hapo ndipo C na n zinapotengana waziwazi.

Meiosisi

```
DNA kwa kiini
4C |              Q____________R
   |             /             |
   |            /              |
2C |__________P/               |S_______T
   |                                    |
 C |                                    |U_______
   +----------------------------------------------
       G1       S     G2   M.I     M.II    gameti
```

Hadi Q hakuna jipya. Seli inaanza na 2C, inanakili DNA yake, inafika 4C. Kipindi cha S kabla ya meiosisi kwa kawaida ni kirefu kuliko kile cha kabla ya mitosisi, kwa hiyo mchoraji makini ataulaza mshazari zaidi.

Sehemu bapa kati ya Q na R ndiyo inayoficha mengi kuliko zote. Kromosomu homologasi zinaungana jozi kwa jozi na kubadilishana vipande. Kwa jenetiki, hili ni tukio kubwa kupita yote katika meiosisi, na mstari hautikisiki hata kidogo, kwa sababu kipande kilichotoka huku kimeingia kule na jumla ni ileile. Usitafute kuvuka kwa kromosomu kwenye grafu hii. Hakumo.

Urefu wa sehemu hii pia hauaminiki. Kwa wanawake, seli zinazozaa mayai hunakili DNA na kuingia profezi ya kwanza kabla mtoto hajazaliwa, kisha zinasimama hapo. Seli inayokuja kupevuka mama akiwa na miaka 40 imekaa kwenye 4C miaka yote hiyo. Hakuna mchoro wa darasani unaoweza kuuonyesha urefu huo kwa vipimo sahihi.

Nukta R hadi nukta S: mshuko wa kwanza, kutoka 4C hadi 2C. Kwa macho ni ule ule wa mitosisi, lakini kilichotenganishwa ni kingine. Hapa kromosomu homologasi ndizo zinazoachana. Kromatidi dada zinabaki zimeshikana. Kwa hiyo kiini kipya cha binadamu kina kromosomu 23, kila moja ikiwa na kromatidi mbili. DNA imepungua nusu, na seti zimepungua kutoka 2n hadi n. Kiini chenye n kikiwa na 2C humshangaza anayekutana nacho mara ya kwanza, lakini ndivyo kilivyo.

Nukta S hadi nukta T mstari umelala, na lazima ulale. Kati ya meiosisi ya kwanza na ya pili hakuna kunakili DNA. Ukiweka mpando hapa, gameti zitabaki na 2C, na kila kizazi kingekuwa na DNA maradufu ya kile kilichotangulia.

T hadi U: mshuko wa pili, kutoka 2C hadi C. Sasa kromatidi dada ndizo zinazoachana, kama katika mitosisi. Seti zilikuwa n na zinabaki n. Huu ni mshuko wa DNA bila mshuko wa seti za kromosomu.

Kwa mbegu za kiume grafu inafuatwa hadi mwisho: seli moja yenye 4C inazaa seli nne zenye C. Kwa yai mambo yako kombo kidogo. Yai la binadamu linapotoka kwenye ovari limesimama katika metafezi ya pili, likiwa na 2C. Humaliza safari yake mbegu ya kiume ikishaingia, nusu ya kromatidi ikitupwa ndani ya kiseli kidogo pembeni.

Vitabu vingi huongeza utungisho mwishoni kwa mstari wima kutoka C hadi 2C. Kwa kiwango cha shule unakubalika. Mpando huo hautokani na kunakili, bali na kujumlisha viini viwili. Kwa binadamu, lakini, kiini cha mama na cha baba kwanza hukaa kando kando ndani ya yai, kila kimoja kikinakili DNA yake, na kromosomu zao hukutana katika mgawanyiko wa kwanza.

Jaribu kusoma vipimo hivi vya viini vya binadamu

Pikogramu 9. Haiko kwenye ngazi yoyote. Kiini kimekamatwa katikati ya S.

Pikogramu 3.3. Ni C, kwa hiyo meiosisi ya pili imekwisha.

Pikogramu 6.6. Ni 2C, na majibu ya kawaida ni mawili: seli ya mwili katika G1, au kiini kilichomaliza meiosisi ya kwanza. Kipimo hakiwezi kuamua, kromosomu zinaweza. Ukikuta 46 zenye kromatidi moja moja ni G1, ukikuta 23 zenye kromatidi mbili mbili ni meiosisi.

Pikogramu 13.2. Utaandika G2, na mara nyingi utapata. Ila ukiambiwa seli imetoka kwenye ini, uliza tena, maana baadhi ya seli za ini zina seti nne za kromosomu, na kwao 4C ndiyo G1.