Ombi la Kurekebishiwa Alama ya Fizikia, Kidato cha Tatu

Kihonda,
Morogoro.
15 Desemba 2025

Mkuu wa Shule,
Morogoro.

K.K.: Mwalimu wa Taaluma

Ndugu,

YAH: KUREKEBISHWA KWA ALAMA YA FIZIKIA YA NEEMA J. MSUYA, KIDATO CHA TATU B, NAMBA 0147

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Tarehe 12 Desemba 2025 nilifungua mfumo wa matokeo wa shule na kupiga picha ya skrini inayoonyesha kuwa katika mtihani wa kumaliza mwaka amepata 27, daraja F, katika Fizikia. Kesho yake nilifungua tena kwa simu nyingine, nikakuta alama ileile. Hivyo si ukurasa wa zamani uliobaki kwenye simu.

Karatasi yake ya majibu, aliyorudishiwa kwa ajili ya masahihisho, ina 72. Nimejumlisha upya: Sehemu A 13, Sehemu B 38, Sehemu C 21. Jumla hiyo imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada na kusainiwa na mwalimu wa somo. Kwa kuwa tarakimu ni zilezile, naamini 72 iligeuzwa kuwa 27 wakati wa kuingiza alama. Usahihishaji wa mwalimu sina shaka nao hata kidogo.

Kosa hili limegusa zaidi ya somo moja. Wastani wake katika masomo tisa umesomeka 57.4 badala ya 62.4. Kwa masomo saba bora ana pointi 18, yaani Daraja la Pili. B ya Fizikia ikiingia zinakuwa 17, Daraja la Kwanza. Zaidi ya yote, F hiyo inaweza kumwondoa kwenye mchepuo wa sayansi, na mtoto amelifanyia kazi somo hili mwaka mzima.

Kwa heshima naomba alama ilinganishwe na orodha ya alama ya mwalimu wa somo, kisha irekebishwe kwenye mfumo. Kubadilisha herufi F kuwa B pekee hakutatosha: wastani, pointi na nafasi darasani vikokotolewe upya, na ripoti ichapishwe nyingine. Naomba pia namba zinazofuatana na 0147 zikaguliwe, isije ikawa kuna mtoto mwingine aliyepatwa na jambo hilihili.

Ningeshukuru kazi hii ikikamilika kabla ya orodha za masomo ya Kidato cha Nne kupangwa Januari 2026. Picha ya skrini nimeiambatanisha nzima bila kuikata, jina, namba na tarehe vikionekana. Karatasi halisi ya majibu ninayo. Nitaileta ofisini siku nitakayoitwa kwa namba ya simu iliyo kwenye fomu yake ya kujiunga.

Wako mtiifu,

(Saini)
Joseph Msuya
Mzazi

Viambatanisho:
1. Picha ya skrini ya matokeo, 12 Desemba 2025
2. Nakala ya karatasi ya majibu ya Fizikia, pamoja na jalada