YAH: Ombi la likizo ya kujiandaa na mitihani ya CPA

Idara ya Fedha,
Dar es Salaam.
16 Septemba, 2024.

Meneja wa Fedha.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaomba likizo ya siku 15 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 21 Oktoba hadi Ijumaa tarehe 8 Novemba, 2024, ili nijiandae na hatimaye nifanye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya muhula wa Novemba. Nimebakiza masomo mawili ya hatua ya mwisho. Muhula wa Mei nilijaribu kusoma usiku baada ya kazi, na somo la ukaguzi likaniangusha kwa alama chache. Sitaki kurudia kosa hilo.

Natambua kwamba likizo ya mitihani si miongoni mwa zile ambazo sheria ya ajira inamlazimu mwajiri kuzitoa, hivyo ninaliacha ombi hili kwenye busara yako. Nipo tayari siku 10 zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, na ninaomba ofisi inisaidie siku 5 zilizobaki kwa malipo.

Kuhusu kazi, ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Septemba, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Oktoba, nitaiwasilisha mapema wiki hiyo, kwa kuwa tarehe 20 ni Jumapili na mfumo huelemewa siku za mwisho. Ulinganisho wa hesabu za benki wa Septemba nao nitaukamilisha kabla sijaondoka.

Kinachonipa wasiwasi ni mishahara ya Oktoba, kwa sababu kodi ya mishahara na tozo ya ufundi stadi hulipwa kabla ya tarehe 7 Novemba kupita, nikiwa kwenye mitihani. Nimezungumza na mwenzangu wa dawati la wadai, naye amekubali kuishika kazi hiyo iwapo utaridhia. Mishahara ya Septemba tutaiandaa pamoja, yeye akiwa kwenye kibodi na mimi pembeni, ili ile ya Oktoba isimkute mgeni. Ninapendekeza uidhinishe mwenyewe malipo ya mishahara hiyo, kwani si vema anayeandaa ndiye aidhinishe. Sanduku la fedha ndogondogo nitalikabidhi kwa karani wa fedha tarehe 18 Oktoba, tukihesabu noti na stakabadhi mbele yako na kutia saini.

Simu yangu itakuwa wazi saa 11 hadi saa 12 jioni kila siku ya kazi, isipokuwa siku za mitihani. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 11 Novemba.

Ninaomba jibu kabla ya tarehe 23 Septemba, kwani maandalizi ya mishahara ya mwezi huu yanaanza siku hiyo, na ndiyo nafasi pekee ya kumfundisha mwenzangu.

Wako mtiifu,

Mhasibu Msaidizi, Dawati la Kodi na Mishahara

Nakala: Afisa Rasilimali Watu