Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho

Wenzangu,

Ijumaa hii, nikishakabidhi zamu saa kumi jioni, nitakuwa nimemaliza. Miaka mitatu na miezi minne, na sijawahi kumpa hata mmoja wenu mkono.

Lakini nawajua. Kaka Hamisi hukohoa kidogo kabla hajapinga jambo. Nikisikia kile kikohozi, naanza kutafuta ushahidi. Kiti cha Dada Rehema hulia kila akiegemea (kitie mafuta, dada, nakuomba). Baraka huongea dakika nzima kabla hatujamwambia kwamba kajizima sauti. Ila nani mrefu, nani mfupi, sijui. Tukipishana njiani huenda nisiwatambue mpaka mfungue kinywa.

Mnakumbuka usiku ule mfumo wa malipo ulipogoma? Foleni ilijaa, kwangu umeme ukakatika, nikabaki na simu yenye chaji asilimia 11. Nikawaandikia neno moja tu: "Nazimika." Asubuhi nakuta foleni yangu imeisha. Rehema, ambaye hata zamu haikuwa yake, alijibu wateja wote, na kwenye kila tiketi akaacha jina langu ili hesabu zangu za mwezi zisipungue. Wala hakuniambia. Niligundua mwenyewe nilipokuwa nafunga ripoti, nikamtumia kidole gumba, basi. Dada, kile kidole kilikuwa kidogo mno. Asante sana.

Na wewe Kaka Hamisi, ile "Sawa." yenye nukta, ambayo najua ilikukera wiki nzima: sikuwa nimenuna. Nilikuwa namlisha mtoto, naandika kwa mkono mmoja. Tungekuwa chumba kimoja ungeona uji usoni kwangu na mambo yangeishia hapo.

Ya kazi ni machache. Kila kitu kipo kwenye folda ya Makabidhiano, na nywila zote nimemrudishia Baraka. Yule mteja anayeandika kwa herufi kubwa tupu hana hasira, ndivyo anavyoandika. Mjibuni kwa upole naye atashukuru kwa herufi kubwa vilevile.

Naenda kwenye kazi ya ofisini, yenye meza na majirani wa kushoto na kulia. Naogopa kidogo, maana huko hakuna kitufe cha kujizima sauti nikianza kunung'unika.

Kikao chetu cha Ijumaa nina ombi moja. Najua baadhi yenu hamjawasha kamera tangu mwaka juzi, na sitauliza kwa nini. Siku hiyo washeni. Kisha simameni, msogee nyuma hadi ukutani, niwaone kuanzia kichwani hadi miguuni. Nusu dakika inatosha. Baraka, hakikisha kwanza umefungua kipaza sauti.

Namba yangu mnayo, haibadiliki.

Wenu,
Mwanaidi