Keki na mikate ya kuagiza kutoka Mwanakwerekwe, Unguja: orodha ya msimu wa kaskazi

Assalaam aleikum wateja wetu. Orodha hii ni ya Disemba mpaka Machi, miezi ya jua kali. Kabla hujachagua ladha, tuambie mambo matatu: keki inakwenda wapi, inasafiri kwa chombo gani, na italiwa saa ngapi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo mara moja. Zipo keki zetu tunazowafungia watu wanaokwenda Maskati, na ipo moja ambayo hatuipeleki mbele ya Bububu hata ukiongeza nauli.

Tunaposema kilo moja, ni keki ya duara ya inchi 8 yenye tabaka mbili. Ukiikata kwa chai unapata vipande 12 vya kushiba. Ukiikata vidogo kama harusini, unapata 20 hadi 24.

MKATE WA KUMIMINA: inchi 10, vipande 8 hadi 10, Sh 12,000

Mchele huloweshwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi iliyokunwa asubuhi ile ile, ukatiwa hamira, sukari, iliki na ute wa yai. Juu umebabuka, ndani ni mweupe wenye vitundu kama sega la nyuki. Hatuchanganyi unga wa ngano kabisa, ila jikoni mwetu ngano ipo, kwa hiyo mwenye mzio mkali asile.

Agiza kabla ya saa 10 alasiri ya siku iliyotangulia, maana mchele ukishapita usiku haujaloweshwa hakuna mkate. Ramadhani tunaomba siku 2, na mkate huchukuliwa saa 9 alasiri ili ufike kabla ya futari. Hatuutoi ukiwa wa moto. Ukifungwa na joto lake, mvuke hurudi juu na mkate unalowa. Bodaboda haiudhuru, hauna pambo la kuharibika. Ule siku hiyo hiyo, kwa sababu tui huchacha. Ukibaki, utie kwenye chombo cha mfuniko uweke kwenye friji, na kesho yake uupashe kwa mvuke dakika chache, kwani wali wowote ukipoa hukakamaa na huu ni mchele.

MKATE WA MAYAI: vipande 10, Sh 10,000

Mayai na sukari hupigwa mpaka povu lisimame, ndipo unga na iliki hukunjwa taratibu. Hauna siagi wala mafuta wala unga wa kuumulia, hewa ya mayai ndiyo inayouinua. Kwa kuwa hauna mafuta hukauka upesi, basi ufunike vizuri na uumalize ndani ya siku 2. Agiza siku 1 kabla. Unahimili joto, hauhimili kubanwa, kwa hiyo usiwekewe mzigo juu.

KEKI YA CHUNGWA NA ILIKI: kilo moja, Sh 35,000; nusu kilo, watu 6, Sh 20,000

Ukituuliza keki ya kupeleka mbali, tutakwambia hii. Tunaipika kwa mafuta badala ya siagi, kwa hiyo hubaki laini bila friji. Maganda ya machungwa hukwaruzwa humo ndani, na juisi yake huchanganywa na sukari ya unga ikamwagiwa juu mpaka ikakauka na kuwa ngozi nyembamba inayokatika kwa kisu. Hakuna krimu ya kuteleza. Tunaipeleka Nungwi, Paje na Makunduchi, na tunaipakia boti ya Dar es Salaam na ya Pemba. Inakaa siku 4 mezani ikiwa imefunikwa, mbali na jua na sisimizi. Oda siku 2 kabla.

KEKI YA CHOKOLETI: kilo moja, Sh 45,000

Ni ya kakao yenye uchungu kidogo, katikati na juu imepakwa chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa. Haina utamu wa kukinaisha, na wazee wengi wanaikubali. Oda siku 3 kabla. Kwa mjini, bajaji inatosha kama ni asubuhi kabla ya saa 4 au jioni baada ya saa 11. Kwenda mashamba au pwani ya mashariki ni gari lenye kiyoyozi tu. Iweke kwenye friji ikifika, uitoe nusu saa kabla ya kuila, maana ikiwa baridi sana ladha ya kakao haisikiki. Inakaa siku 3.

KEKI YA KRIMU NA EMBE: kilo moja, Sh 40,000

Ipo mpaka maembe yamalizike. Ni tamu kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. Krimu hii huanza kulegea ikikaa kwenye joto la chumba, kwa hiyo inatoka kwenye friji yetu na kuingia kwenye friji yako, mjini hadi Bububu, kwa gari letu pekee. Kama kwako umeme hukatika mara kwa mara, tafadhali chagua nyingine. Iliwe siku hiyo au kesho yake. Oda siku 2 kabla.

KEKI YA MATUNDA MAKAVU: kilo moja, vipande 20, Sh 60,000

Tende, zabibu kavu na maganda ya machungwa huloweshwa kwenye chai ya rangi na juisi ya chungwa, hakuna kileo. Ina lozi. Oda siku 10 kabla, kwani baada ya kutoka kwenye oveni inahitaji kupumzika ili unyevu wa matunda uenee. Ikizongwa kwa karatasi na kufungwa kwenye kopo hukaa wiki 3 bila friji. Hii ndiyo ya safari za ndege.

VILEJA: pakiti ya 24, Sh 9,000. Unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Hukaa wiki 2 kwenye kopo kavu. Huvunjika ukivitikisa, basi tunavipanga safu kwa safu na karatasi katikati. Oda siku 2 kabla.

HARUSI, Sh 280,000 kwa ghorofa tatu, watu 100. Oda wiki 3 kabla. Kila ghorofa husafiri kwenye boksi lake, na sisi wenyewe tunazipandanisha ukumbini. Pambo ni la fondanti, msiliingize kwenye friji, likitoka hutoa jasho na rangi huchuruzika. Tunahitaji meza isiyoyumba, mbali na dirisha la jua.

Oda inathibitika ukilipa nusu. Ukiahirisha kabla hatujaanza kupika, tunahamisha tarehe bila malipo. Usafiri mjini ni Sh 3,000, mashamba tunaelewana kwa umbali. Mwenye mzio wa mayai, maziwa au lozi atuambie wakati wa kuagiza.

Ukija kuchukua mwenyewe, boksi likae chini sakafuni mwa gari, pale miguuni kwa abiria. Kiti kimeinama na mapaja yana joto, na keki nyingi huharibika hapo kwenye kupanda matuta. Kwa boti ya Dar, safari ya kama saa 2, mpe mtu unayemjua alishike ndani kwenye kivuli, asiliache juu ya sitaha. Tukikuletea, fungua boksi dereva akiwa bado mlangoni na utupigie picha hapo hapo. Kama ina kasoro ya njiani, ni juu yetu kuitengeneza au kukurudishia pesa.