Jedwali la Ulinganifu wa Masharti: Zabuni ya Kutengeneza na Kusambaza Seti 600 za Meza na Viti vya Wanafunzi, Ukanda wa Tukuyu, Kiwira na Ushirika

Kwa Kamati ya Tathmini,

Jedwali hili ni sehemu ya zabuni yetu inayowasilishwa kupitia mfumo wa NeST kabla ya saa 4:00 asubuhi, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Tumeliandaa ili mjumbe wa Kamati akisoma sharti lolote la nyaraka ya zabuni aone palepale tumejibu nini na ushahidi uko ukurasa gani. Karakana yetu iko Mafinga.

Namba za kurasa ni zile zilizochapwa chini kulia. Kompyuta itaonyesha namba iliyozidi kwa 2, kwa sababu ya jalada na orodha ya yaliyomo.

Aya yenye masharti kadhaa tumeivunja, kila sharti likapata mstari wake. Neno "Tunakidhi" tumeliandika pale tu ambapo ukurasa uliotajwa unathibitisha. Penye tofauti tumesema wazi kwamba tunatofautiana.

Sehemu ya 3: Sifa za mzabuni

| Sharti | Jibu letu | Ukurasa |
|---|---|---|
| 3.1 Cheti cha usajili wa kampuni | Tunakidhi. Cheti cha BRELA. | 5 |
| 3.2(a) Namba ya mlipakodi | Tunakidhi. | 6 |
| 3.2(b) Hati ya TRA ya kutodaiwa kodi, iliyo hai | Tunakidhi. Inaisha 31 Desemba 2025. | 7 |
| 3.3 Leseni ya biashara | Tunakidhi. | 8 |
| 3.4 Tamko la dhamana ya zabuni, kwa fomu iliyotolewa | Tunakidhi. Maneno ya fomu hayajabadilishwa. | 9 |
| 3.5 Hati ya uwakili kwa anayetia saini, iliyoshuhudiwa na wakili | Tunakidhi. Saini iliyo kwenye hati ndiyo iliyo kwenye fomu ya zabuni. | 10–11 |
| 3.6 Mikataba 2 ya samani za shule ndani ya miaka 5, kila mmoja usiopungua Sh milioni 50 | Tunakidhi. Sh 71,400,000 (2022) na Sh 54,150,000 (2024). Kila mkataba umefuatwa na hati ya mapokezi, maana mkataba peke yake hauonyeshi kwamba mzigo ulifika. | 12–19 |
| 3.7 Zabuni iwe hai kwa siku 120 tangu kufunguliwa | Tunakidhi. Hadi 10 Januari 2026. | 3 |

Sehemu ya 4: Vipimo vya kiufundi

Aya ya 4.2 ndiyo moyo wa zabuni hii, na yote imeandikwa kwa sentensi moja: *"Meza na viti vitengenezwe kwa bomba za chuma za mraba zisizopungua mm 25 × 25 zenye unene wa mm 1.5, zilizochomelewa vizuri na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na mbao za paini zilizokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 14, zilizotibiwa dhidi ya wadudu kwa dawa isiyo na madhara kwa wanafunzi, na mzabuni aambatishe uthibitisho."*

Ndani yake tumehesabu masharti saba. Maneno "aambatishe uthibitisho" hayasemi uthibitisho wa kitu gani, hivyo tumeyachukua kuwa yanagusa yote sita yaliyotangulia.

| Sharti | Jibu letu | Ukurasa |
|---|---|---|
| 4.2(a) Bomba za mraba, mm 25 × 25 au zaidi | Tunakidhi. Mm 25 × 25 kwa meza na kiti. | 22 (mchoro) |
| 4.2(b) Unene wa mm 1.5 | Tunakidhi. Picha ya kipimo kwenye bomba lililokatwa. | 23 |
| 4.2(c) Kuchomelewa vizuri | Tunakidhi kwa maelezo. Aya haitoi kipimo cha "vizuri", kwa hiyo tunajifunga kwa chetu: kila kiungo kinachomelewa kukizunguka chote, si kwa madoa, kisha kinasagwa mpaka mkono wa mtoto upite bila kukwaruzwa. Kamati ya Ukaguzi na Mapokezi inaweza kukataa seti yoyote kwa kipimo hiki. | 24 |
| 4.2(d) Rangi ya kuzuia kutu | Tunakidhi. Mkono mmoja wa rangi ya msingi, miwili ya rangi ya mafuta. | 24 |
| 4.2(e) Paini, unyevu usiozidi asilimia 14 | Tunakidhi. Mbao hukaushwa kwenye tanuri hadi asilimia 12–14. Daftari la vipimo limeambatishwa. Tazama maelezo chini ya jedwali. | 25–27 |
| 4.2(f) Dawa ya wadudu isiyo na madhara kwa wanafunzi | Tunakidhi. Dawa ya boroni. Hatutumii dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inayotiwa kwenye nguzo, kwa kuwa mtoto huegemeza mikono na kula juu ya meza hii. | 28 |
| 4.2(g) Uthibitisho | Tunakidhi, kama ulivyotajwa mstari kwa mstari. | 22–28 |
| 4.3(a) Uso wa meza mm 600 × 450, kimo mm 750 | Tunakidhi. | 22 |
| 4.3(b) Ubao usiopungua mm 20 baada ya kurandwa | Tunakidhi. Mm 22. | 22 |
| 4.4 Vifuniko vya plastiki miguuni | Tunakidhi. Akiba ya vifuniko 50 kwa kila shule, bila malipo. | 29 |
| 4.5 Sampuli ya seti 1 ndani ya siku 7 za kuitwa | Tunakidhi. Imeshatengenezwa. | 30 (picha) |
| 4.6 Dhamana ya miezi 12 | Tunakidhi. Matengenezo ndani ya siku 14 za taarifa, shuleni. | 31 |

Maelezo ya 4.2(e): mbao zetu ni za msitu wa Sao Hill, na hati za TFS za kusafirishia mazao ya misitu ziko ukurasa wa 27. Kutimiza asilimia 14 karakanani hakutoshi. Tukuyu hunyesha sana na hewa yake ina unyevu mwingi, kwa hiyo ubao mkavu ukifika huko utavuta unyevu na kutanuka. Ukiwa umebanwa kwenye chuma pande zote, utapinda au kupasuka kwenye skrubu. Ndiyo maana mchoro wa ukurasa wa 22 unaonyesha matundu marefu ya skrubu upande mmoja wa fremu: ubao una nafasi ya kutanuka na kurudi. Zabuni haikulidai hili. Tunaomba lionekane wakati wa kulinganisha sampuli.

Sehemu ya 5: Usambazaji na malipo

| Sharti | Jibu letu | Ukurasa |
|---|---|---|
| 5.1 Kukamilisha ndani ya siku 45 za kusaini mkataba | Tunakidhi. Jedwali la mahitaji lilisema siku 60. Tuliuliza kupitia NeST na jibu likawa 45. Karakana hutoa seti 25 kwa siku, sawa na siku 24 za kazi kwa seti 600. | 33 (jibu), 34 (ratiba) |
| 5.2(a) Kufikisha hadi shuleni, seti 100 kwa kila shule kati ya 6 | Tunakidhi. | 34 |
| 5.2(b) Mzigo ulindwe dhidi ya mvua | Tunakidhi. Turubai kwa kila safari. Mkataba ukisainiwa Oktoba, usambazaji utaangukia msimu wa mvua. | 35 |
| 5.3 Shule zote 6 zipokee siku moja | Tunatofautiana. Tunapendekeza shule 2 kwa siku, kwa siku 3 mfululizo, ndani ya siku 45 zilezile. Tuna Fuso 2, na kila shule ni safari moja kamili kutoka Mafinga kupitia Makambako na Uyole. Bei haibadiliki. | 35 |
| 5.4 Bei ijumuishe VAT ya asilimia 18, usafiri na upakuaji | Tunakidhi. | 4 |
| 5.5 Malipo baada ya hati ya mapokezi | Tunakidhi. Hatuombi malipo ya awali. | 4 |

Tofauti ya 5.3 ndiyo pekee katika zabuni hii. Kamati ikiona sharti la siku moja halilegezeki, tutakodi magari 4 kwa gharama yetu. Tamko la kukubali hilo, lenye saini, liko ukurasa wa 36.