Rehema, kuhusu zile alama zako za tathmini ya 2025

Dada Rehema, habari za leo, na mtoto anaendeleaje?

Nimesoma meseji yako ya juzi usiku mara mbili, na jana asubuhi nikakaa na fomu yako na makaratasi ya stoo mpaka saa sita, maana sikutaka nikujibu kwa kubahatisha. Umesema 2.5 haikutendei haki na umeuliza kama likizo ya uzazi ndiyo iliyokuangusha. Hilo swali la likizo nalijibu kwanza kwa sababu ndilo zito, na kwa sehemu uko sahihi, kosa ni langu.

Ulikuwa nje kuanzia tarehe 6 Januari hadi 30 Machi, siku 84 zako kamili za kisheria. Kwenye ripoti za mwezi mimi nilihesabu 7 zilizowahi kati ya 12, ambayo ni asilimia 58, nikakupa alama 2. Lakini hizo ripoti tatu za Januari, Februari na Machi hazikuwa zako, ungeandikaje ripoti uko nyumbani na kichanga? Hesabu sahihi ni 7 kati ya 9, ni kama asilimia 78, na kwa utaratibu wetu kuanzia 75 ni alama 3. Samahani sana kwa hilo, ningepaswa kuliona kabla sijasaini. Na sio suala la ubinadamu tu, sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, kwa hiyo sitaki hata kivuli cha hilo jambo kibaki kwenye faili lako. Jana hiyohiyo nimewaandikia rasilimali watu waifungue fomu na kurekebisha, mimi mwenyewe siwezi kubadili kwa sababu mfumo ukishafungwa ni wao tu wenye ruhusa, na nakala ya hiyo barua nimekuwekea kwenye imeili yako.

Sasa hesabu nzima ilikuwa hivi, ili uione kama nilivyoiona mimi. Usahihi wa stoku unabeba asilimia 30, ulipata 2. Kutoa oda kwa wakati asilimia 30, ulipata 3. Ripoti asilimia 20, nilikupa 2. Ushirikiano na huduma kwa wateja asilimia 20, ulipata 3. Ukizidisha na kujumlisha ndio inakuja 2.5. Ripoti ikirekebishwa kuwa 3 inapanda hadi 2.7. Najua unachowaza hapo, kwamba "anakidhi matarajio" inaanzia 2.8 na bonasi inaanzia hapohapo. Imebaki 0.1, na mimi inaniuma kukuandikia hivyo, ila siwezi kuisukuma tu ili ifike.

Kilichobaki ni stoku. Pale pia niliweka hesabu ya Machi ambayo hukuwepo, nayo nimeomba itolewe. Zinabaki Juni 95.4, Septemba 97.2 na Desemba 98.6, wastani ni kama 97.1, na alama 3 inataka 98. Umesema ulivyorudi Aprili ulikuta stoo imevurugika na aliyekushikia nafasi hakukukabidhi kwa maandishi. Nimeuliza, na kweli hakuna karatasi ya makabidhiano popote, hiyo ni hoja yenye nguvu na ukiipeleka mbele mimi nitaithibitisha. Lakini hata tukiifuta Juni kabisa tunabaki na 97.9.

Kwa hiyo shida yenyewe ni Septemba, na hapo dada yangu sikubaliani na wewe. Unakumbuka zile katoni 36 za mafuta ya kupikia ya lita moja zilizotoka tarehe 14 Agosti na lori la Mbagala? Kadi ya stoo ninayo hapa mezani, umeandika kwa penseli "36 zimetoka, nitaingiza", mwandiko wako, na hazikuingizwa kwenye mfumo wala hakuna delivari noti, mpaka tunahesabu tarehe 30 Septemba mfumo unasema zipo na rafu iko tupu. Mteja alilipa, hakuna aliyeiba, hakuna anayekushuku. Lakini kuingiza mali siku hiyohiyo ndiyo kazi yenyewe ya karani wa stoo, na tulishaongea mwezi Julai baada ya ile ya sukari, maelezo ya kikao yana saini zetu wote. Ndio maana ile 2 ya stoku naisimamia. Nimeona pia Desemba ulivyobadilika, 98.6 ni hesabu nzuri kuliko zote za mwaka pale stoo na nimeiandika kwenye maoni.

Kama bado unaona sio haki, una njia na naomba uzitumie bila kuogopa kwamba mimi nitanuna. Kwanza ile fomu, saini yako pale chini inamaanisha umeipokea, haimaanishi umekubali, kwa hiyo saini halafu jaza kile kisanduku cha maoni ya mfanyakazi, andika yote, hata kama ni kinyume changu. Pili ni rufaa ya ndani. Unaandika barua kwa rasilimali watu ndani ya siku 10 za kazi tangu ulipopewa alama, ulipewa Jumatatu tarehe 19, kwa hiyo mwisho wako ni Jumatatu tarehe 2 Februari, usipitishe. Watakaa watu watatu, mimi simo, nitaitwa tu kueleza. Unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na jibu linatoka kwa maandishi ndani ya siku 14. Wanaweza kupandisha au kuacha ilivyo, kushusha hawaruhusiwi, kwa hiyo kukata rufaa hakukupotezei kitu. Usiporidhika hapo linakwenda kwa meneja mkuu.

Na nje ya kampuni ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu CMA F.1, na wanaanza na usuluhishi kabla ya uamuzi. Wengi wanachanganya muda, zile siku 30 ni za mtu aliyeachishwa kazi, migogoro mingine ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wewe hujaachishwa wala hili sio suala la nidhamu. Ila kama unafikiria kufika huko, muone mtu wa chama mapema akuhesabie siku, usikae kusubiri vikao vyetu viishe.

Kama alama ikibaki chini ya 2.8 utawekwa kwenye mpango wa kuboresha wa miezi mitatu, na mimi nitaomba uwe na kitu kimoja tu, kuingiza mali siku ileile. Nitaomba pia ule mfumo uwekwe kwenye kompyuta ya getini, maana sasa hivi unatembea mpaka ofisini kila lori likitoka na mtu anajikuta anaandika kwa penseli.

Kesho Ijumaa saa nne niko ofisini, njoo na fomu yako, kadi za stoo nitakuwa nazo zote tuzipitie pamoja, na ukitaka kuja na mtu njoo naye. Kama mtoto ana kliniki niambie tu tusogeze Jumatatu.

Musa