Bwana Umetufikisha
Wimbo wa ibada ya mavuno, kwaya ya usharika, Tukuyu. Do ni G, mapigo 4, mwendo wa taratibu.

1. Ukungu umefunika,
Rungwe yote yafichika,
Njia mbele yatoweka,
Nani atatufikisha?

2. Baridi i mashambani,
Majembe yako begani,
Mbegu zimo udongoni,
Nani atatufikisha?

3. Mvua ukatuletea,
Mahindi yakachipua,
Na viazi vikakua,
Ndiwe unayetulisha.

4. Ukungu umeondoka,
Rungwe yote yaoneka,
Ghala zetu zafurika,
Bwana umetufikisha.

Kwa wanakwaya, kuhusu ubeti wa 4

Ubeti huu umebadilishwa. Karatasi mliyonayo ilimalizia kwa "Tutakusifu daima". Ni maneno mema, lakini mara mbili tumeuliza nani atatufikisha, na ahadi ya kusifu hailijibu swali hilo. Pia kina cha mwisho cha beti zote ni "sha". "Daima" kilikivunja pale pale sikio linapokisubiri. Sasa neno la swali linarudi likiwa jibu. Msiimbe "ametufikisha": tangu ubeti wa 3 tunasema naye, si habari zake.

Mstari wa swali unaimbwa hivi: d d r m f m m r. Unaishia kwenye re, nao unabaki ukining'inia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mstari wa mwisho: s s l s f m r d. "Bwa" inaanzia juu kwenye so, mnapanda kidogo hadi la, kisha mnashuka ngazi kwa ngazi hadi nyumbani kwenye do.

"Ki" ipewe mapigo 2, "sha" mapigo 4. Mkazo wa neno uko kwenye "ki", kwa hiyo mkiikimbia ili kuwahi "sha", neno linapinda na do inafika kabla haijaandaliwa. Katika silabi hizo mbili sauti ya pili waimbe t d, ya tatu s m, besi s d. Sauti ya tatu ndio wenye m peke yao. Wakinyamaza au wakifuata besi, mwisho unasikika mtupu.

Pumueni baada ya "zafurika", pumzi kamili. Baada ya "Bwana" hapana, hata kidogo: ukikata hapo, Bwana anakuwa ameitwa tu, na "umetufikisha" inabaki bila mwenyewe.

Kinanda kisiongeze mapambo kwenye do. Ubeti wa 4 uimbwe mara moja tu, bila kurudia mstari wa mwisho na bila "Amina" ya kuimba. Mchungaji ataisema katika sala inayofuata. Mkiachia "sha", simameni kimya mapigo 4 mikono ikiwa chini, ndipo mkae.